Swali la Thelathini na Nne

Aikaeli alikuwa na mikono inayonuka kahawa mbivu kuanzia Julai hadi Desemba. Hata kanisani, tukipeana amani, harufu ile ilibaki kiganjani mwangu mpaka nifike nyumbani. Si harufu nzuri ya kahawa ya kikombeni. Ni harufu ya tunda bivu lililopasuliwa, tamu kidogo, chachu kidogo, inayofanana na pombe iliyosahaulika.

Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha kumenyea kahawa pale Uru, cha chama cha wakulima, miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo alikuwa kibarua. Tulisoma naye chuo kimoja cha kilimo, benchi moja. Mimi nikaenda kufundisha, yeye akarudi mlimani kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, na mama alipofariki hakukuwa na mtu aliyemkumbuka Aikaeli. Kila baada ya miaka miwili chama kilileta afisa ubora mpya, kijana mwenye shati safi, na kila afisa alikabidhiwa kwa Aikaeli ili afundishwe. Alimfundisha kutofautisha tunda lililoiva na lililoungua kwa ukungu, alimfundisha kushika mbegu zilizolowa mkononi na kujua kama utelezi, ule ute unaozunguka mbegu, umeisha. Baada ya mwezi mmoja kijana yule alikuwa bosi wake.

“Nimewafundisha watano,” aliniambia siku moja. “Wa mwisho alikuwa hajui kwamba tunda moja lina mbegu mbili.”

Alisema bila kucheka, na mimi sikucheka.

Mwaka jana mfuko mmoja wa kuendeleza kahawa, wenye ofisi yake mjini Moshi, ulitangaza nafasi nne za mafunzo ya uonjaji na ukaguzi wa ubora. Mwaka mmoja wa mafunzo, kisha ajira ya kudumu. Sharti lilikuwa stashahada ya kilimo, na umri usiozidi miaka arobaini siku ya mtihani. Aikaeli alikuwa atimize arobaini na moja mwezi wa nne. Hesabu hiyo haikuhitaji kuelezwa: huu ulikuwa mtihani wake wa kwanza na wa mwisho.

Walijiandikisha watu sitini na mmoja. Maswali yalikuwa hamsini, na kati ya hayo kumi na matano yalikuwa ya kauli na sababu. Niliposikia hivyo nilifurahi kwa ajili yake, kwa kuwa maswali ya namna hiyo tulifundishwa na mtu mmoja, na hakuna aliyeyashika kama yeye.

Mtu huyo ni Mwalimu Wenseslaus. Sasa amestaafu, anakaa Rau na mke wake, lakini alitufundisha miaka mitatu, na ndiye aliyeombwa na mfuko kutunga mtihani ule. Wengi huyaogopa maswali haya. Unapewa sentensi mbili. Ya kwanza ni kauli, ya pili ni sababu. Ukiona zote mbili ni kweli na sababu inaieleza kauli, unajibu A. Zote ni kweli lakini sababu haiielezi kauli, B. Kauli ni kweli na sababu si kweli, C. Kauli si kweli na sababu ni kweli, D. Zote si kweli, E.

Mwalimu alikuwa na mtindo wake. Alisimama mbele ya ubao na kuifunika sentensi ya pili kwa kiganja.

“Hii ya chini haipo. Hamjaiona. Ya juu ni kweli au si kweli?”

Tukijibu, alihamisha kiganja.

“Sasa ya juu haipo. Ya chini je?”

Kisha aliondoa mkono, akaandika kwa chaki nyekundu maneno *kwa sababu* katikati ya zile mbili, akageuka kututazama juu ya miwani yake.

“Hapa ndipo mnapofia,” alisema. “Kweli mbili zikikaa jirani mnadhani ni ndugu. Mji wa Moshi uko chini ya Kilimanjaro. Kweli. Kilimanjaro ni mlima mrefu kuliko yote Afrika. Kweli. Je, Moshi uko chini ya Kilimanjaro kwa sababu Kilimanjaro ni mrefu kuliko yote Afrika? Ungekuwa wa pili kwa urefu, mji ungehamia Dodoma?”

Tulicheka sana. Hilo ndilo lilikuwa jaribio lake la mwisho: iondoe ile sababu duniani, uone kama kauli inaanguka. Isipoanguka, basi sababu ile haikuwa inaibeba.

Siku ya mtihani Aikaeli alishuka mjini na gauni lake la kanisani. Aliniambia baadaye kwamba maswali mengine yalikuwa mepesi. Kulikuwa na lile la mgomba: kauli, mgomba ni mti, sababu, kila shina la mgomba huzaa mkungu mara moja tu. Akajibu D, maana mgomba si mti ingawa bibi yake angemkatalia mpaka kesho. Kulikuwa na lile la uchumaji: kauli, kahawa huchumwa kwa kurudia shamba mara kadhaa; sababu, matunda ya tawi moja hayaivi kwa wakati mmoja. Hilo ni A na hakuna wa kubisha. Kisha akafika swali la thelathini na nne.

Kauli: Katika kusindika kahawa kwa maji, matunda yanapaswa kumenywa siku ileile yaliyochumwa.

Sababu: Mkulima wa mlimani huchachusha mbegu zilizomenywa ili kuondoa utelezi.

Alifunika ya chini kwa kiganja, pale pale kwenye dawati. Ya juu ni kweli. Akafunika ya juu. Ya chini ni kweli, amefanya hivyo tangu ana miaka saba. Akaondoa mkono, akaweka *kwa sababu* katikati, akafikiri habari ya mashine.

Kiwandani kwao, miaka minne iliyopita, waliletewa mashine inayoondoa utelezi kwa kusugua. Mbegu zinaingia zikiwa telezi na kutoka zikiwa safi, bila kulala kwenye pipa hata saa moja. Hakuna kuchachusha. Na bado, kila siku ya msimu, afisa alikuwa anapiga kelele kahawa imenywe kabla ya usiku. Kwa nini? Kwa sababu tunda likilala na ganda lake linaanza kuchacha lenyewe, ovyo, bila mtu kulisimamia, na mbegu inashika ladha mbovu isiyotoka tena. Kuchachusha baada ya kumenya ni kazi nyingine, yenye shabaha nyingine. Iondoe, kauli inabaki imesimama.

Akaandika B, akaenda swali la thelathini na tano.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki tatu kwenye ubao wa ofisi ya mfuko, pamoja na majibu ya kila mtahiniwa na mwongozo wa usahihishaji. Kwa hilo niwape haki yao, ofisi nyingi hazithubutu. Wa nne alikuwa kijana wa kutoka Mkuu, Rombo, aitwaye Godlove, alama thelathini na tisa. Wa tano alikuwa Aikaeli, thelathini na nane. Wa sita alikuwa mbali, thelathini na tano.

Aikaeli alipitia mwongozo swali kwa swali. Thelathini na nne: A.

Alisimama pale ubaoni kwa muda mrefu hata mlinzi akamuuliza kama anajisikia vibaya. Alimwambia hapana. Kisha akaangalia majibu ya Godlove. Thelathini na nne: A. Kijana amepata alama kwa kukosea, na yeye amekosa alama kwa kupatia.

Jioni alinipigia simu. Sauti yake haikuwa ya kulia.

“Kama ningeshindwa kwa kutojua, ningelala,” alisema. “Lakini hili? Hili nimelijua kwa mikono yangu hii.”

Nilimwambia akate rufaa, siku saba zilikuwa zimewekwa. Aliandika barua ya ukurasa mmoja. Aliieleza mashine, akaeleza ganda, akaomba mwongozo usahihishwe na swali lisahihishwe upya kwa watahiniwa wote. Hakumtaja Mwalimu Wenseslaus mahali popote.

Ninavyomfahamu Mwalimu, kosa lile si la mtu mjinga. Ni kosa la mtu wa huku kwetu. Mtu aliyetoka mbali, aliyejifunza kahawa kitabuni, asingelifanya. Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, kahawa inachumwa asubuhi na mchana, jioni mama anazungusha mashine ya mkono, na mbegu zinapotoka zinaangukia palepale kwenye pipa la kuchachushia. Mtoto anayebeba ndoo haoni kazi mbili. Anaona jioni moja. Mama anasema, “Tumenye haraka ichachuke,” na mtoto anakua akiamini kwamba cha kwanza kinafanyika kwa ajili ya cha pili. Sisi wote tulikua hivyo. Tofauti ni kwamba Mwalimu alitufundisha kufunika kwa kiganja, na siku ile kiganja chake mwenyewe hakukitumia.

Jibu la rufaa lilikuja baada ya siku kumi. Aikaeli alinisomea. Mfuko ulikuwa umepokea ombi lake kwa heshima, ukamshirikisha mtunzi, na kuamua kwamba swali la thelathini na nne lilikuwa na utata. Kwa hiyo watahiniwa wote sitini na mmoja wanapewa alama ya swali hilo. Nafasi zinabaki kama zilivyotangazwa.

Wote wanapewa. Yaani Godlove anabaki na alama yake ile ile, Aikaeli anapanda hadi thelathini na tisa, na wale waliokuwa wamejibu C na E nao wanapanda. Nilidhani watu wawili waliolingana watapimwa upya. Kumbe barua ilikuwa na mstari wa chini: waliolingana kwa nyongeza wanapangwa kwa matokeo ya awali.

Hapo ndipo nilipomwona Aikaeli akikasirika, na hasira yake haikuwa na kelele. Tulishuka pamoja mpaka ofisini. Katibu wa mfuko, dada mmoja aitwaye Hellen, mwenye kucha ndefu na upole wa kuzoeleshwa, alitukaribisha viti.

“Dada yangu, si umeshapewa alama?” alisema. “Ulilalamikia alama, umepewa.”

“Sikulalamikia alama. Nilisema mwongozo umekosewa.”

“Na sisi tumekubali swali lina utata.”

“Swali halina utata,” Aikaeli alisema. “Swali ni zuri kabisa. Utata ni pale ambapo hakuna jibu, au majibu ni mawili. Hapo wape wote. Lakini hili lina jibu moja, na mmeandika lingine. Hayo ni magonjwa mawili, Dada Hellen, mnayapa dawa moja.”

“Lakini kila mtu amefaidika.”

“Mtu gani? Nitajie mmoja aliyesogea hata hatua moja.”

Hellen alichezea kalamu. Alisema atapeleka ujumbe. Alisema pia, akishusha sauti, kwamba Mwalimu ni mzee anayeheshimika, na kama dada angekuwa na busara angeona kwamba suluhisho hili halimvunjii mtu yeyote heshima.

Tulitoka nje. Aikaeli aliniuliza, “Mimi ni mtu yeyote, au siyo?”

Nilimnunulia soda ambayo hakuinywa.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mwalimu Wenseslaus alipanda Uru. Nilikuwa kwa Aikaeli, tunamenya ndizi za mtori. Alikuja na mke wake, Mama Veronika, aliyekuwa ametangulia njiani kama kawaida yake, na mkononi Mwalimu alishika jani la isale.

Kwa msomaji asiye wa huku, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Mtu akikukosea akaja na jani lake, amekuja kuomba msamaha, na kwetu jani hilo halikataliwi. Hata kama amemuua ng’ombe wako. Ukilikataa, wewe ndiye unayegeuka mwenye kosa.

Nilimtazama Aikaeli. Aliinuka, akafuta mikono.

“Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu,” alisema Mwalimu. Hakukaa. Alinyoosha jani kwa mikono miwili. “Nimekukosea. Nilisoma barua yako siku ileile ilipofika, na nilipofika kwenye mashine nikajua. Nikawaambia waseme utata. Nimekuja unisamehe, tuyamalize hapa hapa nyumbani.”

Sikuamini masikio yangu. Alikuwa anajua. Siku zote zile alikuwa anajua, akawapa ofisi neno la kujifichia, na sasa amekuja na jani, kwa sababu jani halikataliwi. Na yule ni mtu niliyempenda tangu nina miaka ishirini.

Aikaeli alilipokea jani. Kwa mikono miwili pia, kama inavyotakiwa.

“Nimekusamehe, Mwalimu,” alisema. “Kabisa. Sina kinyongo.”

Mwalimu akashusha pumzi, akavuta kiti.

“Lakini hayajaisha,” Aikaeli akaendelea. Aliingia ndani, akatoka na karatasi ya mtihani na kalamu, akaviweka mezani kando ya maganda ya ndizi. “Umeniomba msamaha, nimekupa. Mwongozo bado umeandikwa A.”

“Mwanangu, nimekuja na isale.”

“Na nimelipokea. Isale ni la mimi na wewe. Kule ofisini liko jambo la watu sitini na mmoja.”

“Unataka niende nikaseme mbele ya wale vijana kwamba sijui kutunga swali? Baada ya miaka thelathini na miwili?”

“Nataka ufanye ulivyotufundisha. Funika ya chini.”

“Usinichezee, Aikaeli.”

“Sikuchezei, Mwalimu. Funika tu.”

Hakufunika. Alikaa mikono ikiwa magotini. Ni Mama Veronika aliyeivuta karatasi, akaisoma polepole akiisogeza mbali na macho yake, kisha akamgeukia mume wake.

“Hili ndilo swali lenyewe?”

“Ndilo.”

“Mbona hili hata mimi ninalijua. Kahawa ikilala na ganda inanuka. Kuchachusha ni kazi ya baadaye.” Akaiweka chini. “Lakini wewe ungejuaje? Mimi ndiye nilikuwa ninazungusha mashine. Wewe ulikuwa unasahihisha madaftari.”

“Mama Veronika, tafadhali.”

“Tafadhali nini? Umelibeba jani kutoka Rau mpaka huku, kalamu ndiyo nzito?”

Nilitaka kucheka, nikajizuia kwa kuangalia ndizi. Mwalimu hakucheka. Alivaa miwani, akaishika karatasi, na nikaona kiganja chake kikienda taratibu juu ya sentensi ya pili. Kikahamia juu ya sentensi ya kwanza. Kisha kikaondoka. Alikaa hivyo muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika, maana jibu alikuwa nalo tangu mwezi uliopita.

Aliandika chini ya ukurasa: *Swali la 34, jibu sahihi ni B. Swali halina utata. Kosa ni la mtunzi.* Akatia sahihi na tarehe. Hakubaki kula mtori. Mama Veronika alibaki, akala bakuli mbili.

Karatasi ile ilifika kwa Hellen Jumatatu asubuhi. Ijumaa Aikaeli alipata barua. Aliifungua kiwandani, akiwa na buti za mpira, akanipigia simu akanisomea yote. Mfuko unafurahi kumjulisha kwamba amepanda nafasi ya nne na amechaguliwa kujiunga na mafunzo, kwa sababu mtahiniwa mmoja amejitoa. Afike Jumatatu saa mbili.

“Umepata!” nilipiga kelele.

Aliusoma tena mstari ule wa mwisho.

“Nani amejitoa?” akauliza.

Jibu lilikuja lenyewe saa ile ile ya mchana. Godlove aliitafuta namba yake kwa mtu, akampigia kutoka Mkuu. Nilisimuliwa maongezi hayo na wote wawili, na hayakutofautiana.

“Shikamoo dada. Samahani. Eti ni kweli mimi nimejitoa?”

“Nani kakuambia?”

“Barua. Inasema wamepokea taarifa ya kujitoa kwangu. Mimi sijajitoa popote. Baba ameisoma mbele ya watu nyumbani, ananiuliza nafasi nimemwachia nani, na nimepewa nini.”

Hapo ningependa kusema kwamba Aikaeli aliamua mara moja. Hakuamua. Aliniambia alikaa juu ya gunia kwa muda, barua mkononi, akifikiri jinsi ilivyo rahisi kunyamaza. Nafasi ilikuwa yake kwa haki. Jumatatu saa mbili angeingia. Akigusa kitu chochote sasa, ofisi ile iliyokwishamchoka ingeweza kusema basi, tunafuta wote, mtihani urudiwe mwakani. Na mwakani yeye hayumo.

Jumatatu saa mbili alikuwa kwenye kiti mbele ya Hellen, na Godlove alikuwa kando yake, kijana mwembamba ambaye alikuwa ameondoka Rombo alfajiri. Mimi nilikuwa mlangoni.

“Hongera, dada,” alisema Hellen. “Saini hapa, wenzako wameshaingia darasani.”

Aikaeli aliigeuza barua ikamtazama Hellen, akaweka kidole.

“Kauli: nimepanda nafasi ya nne. Hiyo ni kweli. Sababu: mtahiniwa mmoja amejitoa.” Akamwonyesha Godlove. “Huyu hapa. Muulize.”

“Sijajitoa,” alisema Godlove.

“Hiyo ni C, Dada Hellen. Kauli kweli, sababu uongo. Andikeni sababu ya kweli nitie saini.”

“Jamani, si umepata? Unataka nini tena? Sababu ina kazi gani?”

“Huyu baba yake anadhani ameuza nafasi. Hiyo ndiyo kazi yake.”

“Mkurugenzi ana kikao.”

“Tutamsubiri.”

“Darasa limeanza, dada. Ukichelewa siku ya kwanza wanaweza kuijaza nafasi yako.”

“Waijaze kwa sababu gani? Itabidi muiandike hiyo nayo.”

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini. Saa tatu, saa nne. Kutoka chumba cha pili tulisikia vikombe vikigongana na watu wakivuta kahawa kwa mvumo, wale watatu wa kwanza wakifundishwa kuonja. Aikaeli alikuwa ameuegemeza mgongo ukutani na kufumba macho, na niliona pua yake ikifuata kila kikombe. Saa sita na nusu mkurugenzi alitoka. Hakutuangalia sana. Alisikiliza dakika tano, akamuuliza Hellen ni nani aliyebuni habari ya kujitoa, Hellen akasema ilionekana ndiyo njia laini. Mkurugenzi alisema kuandika upya hakuhitaji kikao.

Barua mbili zilichapwa. Sentensi ya katikati ilikuwa moja katika zote: *Matokeo yamebadilika kwa sababu mwongozo wa usahihishaji wa swali la 34 ulikosewa.* Hakuna pole ndani yake, wala neno la siku zilizopotea. Lakini ilikuwa kweli, na ilieleza.

Godlove aliisoma yake mara mbili.

“Afadhali,” alisema. “Nimeshindwa. Hilo baba atalielewa.” Aliikunja, akaitia mfukoni mwa shati, halafu akabaki amesimama. “Ila dada, mimi bado sijaona kwa nini siyo A. Nyumbani tunamenya leo ili ichachuke. Ndivyo tunavyosema wote.”

Aikaeli alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa darasa. Angeweza kumwacha. Alikuwa amechelewa kwa zaidi ya saa nne na nusu.

“Una umri gani?”

“Ishirini na sita.”

“Basi mwakani rudi. Leo ukifika nyumbani chukua ndoo ya kahawa mbivu usiimenye. Ifunike, iache siku mbili. Siku ya tatu funua, uingize pua.” Akafungua mlango. “Ukimaliza kutapika nipigie, uniambie ni nani aliyeichachusha.”